Kivuli cha Pua: Kumtia Jamaa Asiyekuwapo katika Picha ya Familia

Picha ya pamoja ya familia yetu ilipigwa Desemba 2023, saa kumi alasiri, mbele ya nyumba ya nyanya. Babu hayumo, kwani aliaga dunia mwaka 2019. Nyanya aliniomba nimtoe katika picha nyingine nimsimamishe nyuma ya kiti chake. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa kwa kompyuta, na mahali nilipokosea.

Kosa langu lilikuwa kuteua picha ya babu kwa kuvutiwa na tabasamu lake. Kinachopaswa kutangulia ni mwelekeo wa mwanga. Ukubwa na rangi hurekebishika, ilhali kivuli kilichokwisha kuuchora uso ni vigumu kukiondoa. Mwelekeo huo husomwa puani: katika picha ya familia, kivuli cha kila pua kiliangukia upande wa kulia wa picha, cha babu kiliangukia kushoto. Nikaigeuza picha yake kama inavyogeuza kioo. Vivuli vilipatana, lakini nyanya alipoitazama alisema, "Mjukuu wangu, huyu si babu yako." Kovu la shavu la kushoto lilikuwa limehamia shavu la kulia.

Nilitafuta picha nyingine, aliyopigwa nje juani, mwanga ukitokea kushoto na kamera ikiwa usawa wa macho, kama ilivyokuwa kwetu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kipimo. Hapa hupimwa kichwa, si kimo, kwa kuwa vichwa vya watu wazima hutofautiana kidogo kuliko vimo vyao. Kichwa cha ami, aliyesimama safu hiyohiyo, kilikuwa na pikseli 180 kutoka utosini hadi kidevuni. Cha babu kilikuwa na 420. Kugawa 180 kwa 420 ni takriban asilimia 43, nami nikaipunguza picha ya babu hadi kiwango hicho. Lau kichwa chake kingekuwa kidogo kuliko cha ami, kukikuza kungeleta ukungu. Aidha, babu alikuwa mfupi kuliko ami kwa sentimita 5 hivi. Tukikadiria kichwa kuwa sentimita 23, tofauti hiyo ni pikseli 39. Nikamshusha kiasi hicho.

Hata hivyo, bado alionekana kama aliyebandikwa. Weusi wa koti lake ulikuwa mzito kuliko weusi wowote katika picha yetu, nao uso ulikuwa mkali kuliko wa majirani zake, kwa kuwa kupunguza picha huikaza. Niliung'arisha weusi kidogo, nikaulainisha uso kidogo, kisha nikachora kivuli chake hafifu kwenye bega la ami aliye kulia kwake pichani.

Nyanya aliitazama kitambo, akaomba itundikwe ukutani. Nyuma yake nimeandika kwamba babu alitiwa baadaye, ili vitukuu wasije wakadhani alikuwapo siku ile.