Mshumaa wa Lavenda: Jinsi ya Kuandika Maelezo Ambayo Mteja Hatakuja Kuyalalamikia

Mteja anayenunua mshumaa dukani huunusa kwanza. Anaushika, anafungua kifuniko, anauinua puani, kisha anaamua. Mteja wako wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Ameona picha kwenye WhatsApp, amesoma mistari mitatu, na ametuma pesa kwa tili yako kabla hajanusa chochote. Kwa hivyo maelezo yako ndiyo pua yake. Yakimdanganya, atajua siku ya kwanza akiuwasha, na mazungumzo yatakayofuata ni ya kurudishiwa pesa.

Leo tunachukua bidhaa moja tu: mshumaa wa lavenda wa nta ya soya, uliomiminwa kwa mkono kwenye glasi. Tuseme unautengeneza jikoni kwako Rongai na unauuza shilingi 1,200. Maelezo uliyonayo sasa yanasema hivi: "Mshumaa wa lavenda. Harufu inajaza nyumba nzima! Unawaka saa 50. Unaondoa stresi na kukupa usingizi mnono."

Hebu tuone ni yapi kati ya hayo unaweza kuyatetea.

Saa 50 zimetoka wapi?

Mara nyingi namba hii hunakiliwa kutoka ukurasa wa muuzaji mwingine. Shida ni kwamba muda wa kuwaka hutegemea uzito wa nta, upana wa glasi na unene wa utambi. Mshumaa wake si wako. Namba yako unaipata kwa mizani ya jikoni na saa ya ukutani, basi.

Chukua mshumaa mmoja uliokamilika na uupime mzima, pamoja na glasi. Uwashe saa nne, mahali pasipo na upepo. Uzime, uache upoe hadi nta igande kabisa, kisha pima tena. Rudia mara tatu, kwa sababu mshumaa hauli nta kwa kasi ile ile mwanzo, katikati na karibu na mwisho.

Tuseme glasi yako ina upana wa sentimita 7 kwa ndani, na nta ni gramu 180. Mizani ilisoma gramu 430 mwanzoni. Baada ya saa nne za kwanza ikasoma 412, baada ya nne za pili 392, na baada ya nne za tatu 370. Mshumaa umekula gramu 60 kwa saa 12, yaani gramu 5 kwa saa.

Ukigawanya 180 kwa 5 unapata saa 36. Lakini usikimbilie kuandika 36. Mshumaa wa glasi hauchomwi hadi tone la mwisho. Nta ikibaki kama sentimita moja chini, mteja anafaa kuuzima, la sivyo moto unakaribia kitako cha glasi na glasi inaweza kupasuka. Kwa glasi ya upana huu, sentimita moja ya nta ni karibu gramu 35. Zinabaki gramu 145 za kuchoma, ambazo kwa gramu 5 kwa saa ni saa 29.

Andika "takriban saa 28". Umeacha nafasi kidogo kwa yule ambaye dirisha lake halifungi vizuri, kwa sababu upepo huufanya moto ucheze na kula nta haraka.

Sasa fikiria hesabu ya mteja. Kwa saa 50 ulizomwahidi, kila saa ingemgharimu shilingi 24. Kwa saa 28 za kweli, inamgharimu karibu shilingi 43. Ndiyo maana hukasirika. Hajalipa zaidi ya bei uliyomtajia, lakini amepata karibu nusu ya kile alichodhani amenunua.

Harufu: nyepesi, ya kati au kali?

Hapa ndipo watengenezaji wengi hujidanganya bila kukusudia. Umeshinda jikoni ukichanganya mafuta ya lavenda siku nzima. Pua yako imezoea. Huwezi tena kujua mshumaa unanukia kiasi gani, kwa hivyo tafuta pua ya mtu mwingine.

Kwanza, acha mshumaa ukae wiki mbili baada ya kuumimina. Nta ya soya huhitaji muda ili ishikane vizuri na mafuta, na mshumaa wa jana hautakupa jibu la kweli. Kisha uwashe kwenye chumba kidogo, tuseme mita 3 kwa 3, mlango ukiwa umefungwa. Baada ya saa moja, mwite jirani aliyekuwa nje. Usimwambie unachopima. Muulize tu: unasikia nini, na umeanza kusikia ukiwa wapi?

Akisema amesikia tangu mlangoni, harufu ni kali kwa chumba hicho. Akiisikia alipofika katikati ya chumba, ni ya kati. Ikimlazimu kusogea hadi mezani, ni nyepesi. Siku nyingine rudia sebuleni na mtu tofauti. Watu watatu wanatosha kukupa picha ya kuaminika.

Na usishtuke ukipata jibu la "nyepesi" au "ya kati". Mafuta asilia ya lavenda huyeyuka hewani haraka, na kwenye nta ya soya mara nyingi hutoa harufu ya upole kuliko manukato ya kiwandani. Pia kuna jambo la kumweleza mteja mapema: mshumaa ukiwa haujawashwa, ukifungua kifuniko unanukia sana, kwa sababu harufu ilikuwa imefungiwa ndani. Ukiwashwa, harufu hiyo inatandazwa kwenye hewa ya chumba kizima. Wateja wengi hulinganisha hizo mbili na kudhani wameuziwa feki.

Labda utafikiria, si niongeze mafuta tu? Kwa gramu 180 za nta, asilimia 8 ni gramu 14 na kitu. Nta ina kiwango chake cha juu, na aliyekuuzia anapaswa kukuambia ni ngapi. Ukipita hapo, mafuta yanatoka juu ya mshumaa kama jasho, utambi unaziba, moto unatoa moshi na glasi inaota masizi. Harufu haiongezeki kwa kiasi hicho, ila malalamiko ndiyo yanaongezeka.

Taja pia ni lavenda ya aina gani. Wakenya wengi wameijua lavenda kupitia sabuni na dawa ya kunukisha choo, ambayo ni tamu. Mafuta asilia hunukia zaidi kama majani makavu, na kuna ukali kidogo unaokaribia kafuri. Mtu anayetarajia utamu atasema umemtumia kitu kingine, kumbe umemtumia lavenda yenyewe.

Usingizi, stresi na mbu

Ondoa "kukupa usingizi mnono". Hilo ni dai kuhusu mwili wa mtu, na huna njia ya kulithibitisha kwa mshumaa wako. Unaweza kusema watu hupenda kuuwasha jioni wakipumzika, hilo ni kweli na linatosha. Usiseme pia unafukuza mbu kama hujaupima kwa kazi hiyo.

Hili si suala la adabu peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kusema bidhaa ina ubora, matumizi au uwezo ambao haina. Sheria hizi hazijali kama unauza ukiwa jikoni.

Maelezo mapya

Ukiweka hayo yote pamoja, unapata kitu kama hiki. Badilisha namba ziwe zako:

"Mshumaa wa lavenda, gramu 180 za nta ya soya, umemiminwa kwa mkono Rongai. Bei ni shilingi 1,200.

Harufu: ya kati kwenye chumba cha kulala au bedsita ndogo mlango ukifungwa. Kwenye sebule kubwa ni nyepesi, utaisikia ukikaa karibu nayo. Tunatumia mafuta asilia ya lavenda, kwa hivyo inanukia majani, si utamu wa sabuni.

Muda: takriban saa 28. Ukiwasha saa tatu kila jioni, ni kama jioni tisa. Acha kuuwasha nta ikibaki sentimita moja chini.

Mara ya kwanza, uache uwake kama saa tatu hadi nta iyeyuke mpaka ukingoni mwa glasi. Usipite saa nne kwa mara moja. Kata utambi ubaki milimita 5 kabla ya kuwasha tena. Usiuache ukiwaka bila mtu.

Madoa meupe juu ya nta ni kawaida ya soya, hayaharibu chochote."

Mstari wa mara ya kwanza unaonekana mdogo, lakini ndio unaookoa namba yako. Mteja akizima baada ya dakika 20, nta inayeyuka katikati tu, na mara zinazofuata moto unachimba shimo kwenda chini huku nta ya pembeni ikibaki imeganda. Huyo hatapata saa 28, na atakulaumu wewe.

Maswali kwenye inboksi yatakuja bado. Mtu akiuliza, "Sasa dada, huu utanukia sebule yangu na jikoni?" mjibu wazi: "Hapana dada, kwa nafasi hiyo harufu itakuwa nyepesi sana. Ni mzuri zaidi chumbani. Kama ni sebuleni, uweke mezani karibu na mnapokaa." Mwingine akitaka wa kumulika stima ikipotea, mwambie anunue mshumaa wa kawaida wa dukani. Wako una mwanga kidogo na bei yake si ya kazi hiyo.

Mwisho, weka maelezo haya juu, na nambari ya tili chini yake, ili mteja asome kabla ya kutuma pesa. Hifadhi pia karatasi ya vipimo vyako pamoja na tarehe. Siku utakayobadilisha utambi, glasi au nta, namba hizo zinakufa, na lazima upime upya kabla ya kuandika saa ngapi tena.