Kutoka Kauli za Wahojiwa hadi Dhamira

Kuweka misimbo ni kusoma mahojiano yaliyonukuliwa, kipande baada ya kipande, na kukipa kila kipande chenye uzito jina fupi linaloeleza kinachosemwa hapo. Jina hilo ndilo msimbo. Misimbo inayobeba wazo moja hukusanywa pamoja, na kutokana nayo hujengwa dhamira.

Njia inayofuatwa sana ni ile iliyoelezwa na wanasaikolojia Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, yenye hatua 6. Mtafiti husoma nakala zote hadi azizoee, huweka misimbo, huunda dhamira za awali, huzipima, huzifafanua na kuzipa majina, kisha huandika ripoti. Hatua hizo hazipandwi kama ngazi. Aliyefika ya nne mara nyingi hulazimika kurudi ya pili.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya. Mtafiti amewahoji madereva wa bodaboda wanaoendesha pikipiki za watu, ambao kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki. Dereva wa kwanza anasema: “Mvua ikinyesha kutwa abiria hakuna, lakini jioni tajiri anataka chake. Hesabu haijui mvua. Unakopa kijiweni, kesho mwenzako akikwama na wewe unamtoa.”

Kauli hiyo fupi inatoa misimbo mitatu: “hesabu haijui mvua”, “kukopa kijiweni” na “kukwamuana kwa zamu”. Wa kwanza umechukuliwa kama ulivyotoka mdomoni mwa mhojiwa, na msimbo wa aina hiyo una thamani kubwa kwa sababu hutunza jinsi yeye mwenyewe anavyoliona jambo. Kama mtafiti angeandika “pesa” tu, angekuwa hajasema lolote, kwani neno hilo lingeweza kubandikwa karibu kila ukurasa. Kipimo chepesi ni kuufunika ukurasa na kusoma misimbo peke yake: ikiwa haikumbushi kilichosemwa, ni mipana mno.

Dereva wa pili anasema: “Nikiumwa simwambii tajiri. Nampa mwenzangu pikipiki apige tripu, hesabu itimie.” Hapa misimbo ni “kumficha tajiri ugonjwa” na “mwenzake kumshikia pikipiki”. Wa tatu anasimulia pikipiki yake ilivyolala gereji siku mbili: “Vijana wa kijiweni wakanichangia. Tajiri hakujua kitu.” Misimbo ni “kuchangiwa na kijiwe” na “tajiri kutojua”.

Misimbo ikishapangwa mezani, kishawishi cha kwanza ni kuiweka yote chini ya kichwa “Changamoto za hesabu”. Hapo ndipo wengi hukosea, maana hiyo ni mada, si dhamira. Aliyewahi kusoma fasihi ya Kiswahili anaujua utofauti huu: mada hutaja kinachozungumzwa, dhamira hueleza kinachosemwa juu yake. Dalili ya kosa hili ni vichwa vya ripoti kufanana na maswali ya dodoso. Misimbo ya madereva hawa inasema jambo zito zaidi: mvua, ugonjwa na ubovu wa pikipiki vinaleta hasara, na hasara hiyo inamezwa na kijiwe kabla haijamfikia tajiri. Dhamira ya awali basi inaweza kuwa “Kijiwe hubeba hasara ambayo tajiri haioni”.

Sasa dhamira hupimwa kwa kurudi kwenye nakala zote na kutafuta hasa kauli zinazoipinga. Dereva wa nne anasema: “Tajiri wangu ni mjomba. Pikipiki ikiharibika namwambia, siku hiyo ananisamehe.” Kauli hii haifai kuachwa kando kwa kuwa imeharibu mpangilio. Inamrudisha mtafiti kwa wale watatu kuangalia uhusiano wao na matajiri wao, jambo ambalo hakuliwekea msimbo mwanzoni. Akikuta kwamba wote watatu wanaendesha pikipiki za watu baki, dhamira inapata mpaka wake: kijiwe hubeba hasara pale ambapo dereva hana undugu wa kumtegemea kwa tajiri. Wahojiwa wanne hawatoshi kusema kwamba ndivyo ilivyo kwa madereva wote, ila wanatosha kuonyesha swali la kumuuliza dereva wa tano.

Braun na Clarke wanasisitiza kwamba dhamira haziibuki zenyewe kutoka kwenye nakala. Mtafiti ndiye anayezijenga. Ndiyo maana ni vyema atunze daftari la kumbukumbu, aandike kila msimbo una maana gani na kwa nini aliuunganisha na mwingine au kuufuta. Katika ripoti, kila dhamira huelezwa kwa sentensi chache na kufuatwa na kauli za wahojiwa wenyewe, ya mpwa wa tajiri ikiwemo.