Mkataba wa kubadilishana riba una thamani gani leo?

Tuseme kampuni ina mkataba wa kubadilishana riba na benki, uliobakiza miaka 2. Kila mwaka kampuni hulipa riba isiyobadilika ya asilimia 5 ya dola milioni 100, nayo hupokea riba inayofuata soko. Zile milioni 100 hazihami mkono. Ni za kupigia hesabu tu.

Sasa riba ya soko, ya mwaka 1 na ya miaka 2, imeshuka hadi asilimia 4. Ili kulinganisha pande mbili, tunazichukulia kama mikopo miwili ambayo kila mmoja unarudisha milioni 100 mwishoni.

Upande usiobadilika utalipa milioni 5 mwakani, kisha milioni 105. Tukigawa ya kwanza kwa 1.04 na ya pili kwa 1.04 mara mbili, tunapata milioni 4.81 na 97.08, jumla 101.89. Upande unaobadilika, siku riba yake inapopangwa upya, una thamani ya milioni 100 kamili, kwa sababu unalipa riba ileile ya soko tunayoipunguzia.

Tofauti ni milioni 1.89. Hiyo ni hasara ya kampuni na faida ya benki.

Angalizo: katikati ya tarehe za malipo, upande unaobadilika hauna budi kuhesabiwa pamoja na riba iliyokwisha kupangwa. Anayeandika 100 siku hiyo amekosea.