Kisangani: unataka kupanga nyumba Lubunga? Hesabu mto kwanza

Kati ya komini sita za muji wa Kisangani, Lubunga ni moja tu iliyo kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Komini zingine tano, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mgeni anayefika toka Opala ao Ubundu anakuta Lubunga mbele ya kuvuka, na mara nyingi anaambiwa kama kule kupanga ni bei ya chini. Ni kweli, lakini mto nao unakula franga.

Tuseme baba anafanya kazi Makiso na mtoto mmoja anasoma kule. Wote wawili wanavuka siku 26 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Hiyo ni mara 104. Kama kuvuka kwa mtumbwi ni franga 500, itakuwa franga 52 000 kila mwezi, na bado hujalipa pikipiki ao toleka toka bandarini. Uliza bei ya siku hiyo, zidisha na mara 104, kisha ongeza kwa bei ya nyumba. Ndipo utajua kama nyumba ya Lubunga ni rahisi kweli kuliko ya Mangobo.

Mto una saa zake pia. Usiku watu wa kuvusha ni wachache, bei inapanda, na mvua kali yenye upepo inasimamisha mitumbwi. Mwenye mgonjwa ao mke mwenye mimba ajue mbele ni kituo gani cha afya kiko upande wake, maana kufika kwenye Kliniki za Chuo Kikuu usiku si jambo la kutegemea. Na ukivuka, usikubali mtumbwi uliojaa mpaka maji inakaribia ukingo wake.

Juu ya maji, wakaaji wengi wa Lubunga wanatumikisha visima na chemchemi. Mbele ya kulipa, omba kuona kisima cha parseli, kisha angalia choo kiko wapi, cha kwenu na cha jirani. Kisima kiwe juu ya choo, si chini yake, na mbali kwa metre 30 kama inawezekana. Parseli nyingi ni ndogo, hazifikishe hiyo. Rudia kisha mvua: kama maji imebadilika rangi ao inanuka, uchafu wa juu unaingia. Lakini hata maji inayoonekana safi inaweza kubeba ugonjwa. Kolera ilipiga jimbo la Tshopo tena mwaka 2025, kwa hiyo maji ya kunywa ichemshwe.

Usalama unahusiana na udongo. Toka Februari 2023, vita kati ya Wambole na Walengola juu ya udongo ilikimbiza watu wengi, na baadhi yao walikuja Lubunga. Mgeni anaweza kuonyeshwa nyumba yenye mwenyewe alikimbia, na anayeipangisha hana haki juu yake. Muulize shefu wa kartie na majirani wawili: nani mwenye parseli, na je, kuna mabishano? Uliza pia kama vijana wanasumbua wapita njia usiku.

Makelele haionekane saa nne ya asubuhi, wakati komisioneri anapenda kukuonyesha nyumba. Rudia jumamosi usiku. Utasikia kama kuna nganda karibu, kanisa yenye sala za usiku, ao jenereta ya jirani.

Wenye nyumba nao, mara nyingi wanaomba garanti ya miezi sita ao zaidi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Shida kubwa inakuja siku ya kutoka: mwenye nyumba alikwisha kula ile franga, na anakuambia ungoje mpangaji mwingine alipe. Kama maneno yalikuwa ya mdomo tu, hauna cha kuonyesha.

Kwa hiyo omba kontra ya maandishi na uipeleke kwenye ofisi ya makao ya komini. Iandikwe bei ya mwezi, garanti ni ngapi, tarehe, na hali ya nyumba: mabati yenye kutoboka, mlango bila kufuli, kisima kina shida gani. Mashahidi wawili watie sahihi. Mwenye nyumba anayekataa karatasi leo amekwisha kukuonyesha namna atakavyorudisha garanti kesho.