Mgonjwa Mmoja wa Dakika 240

Tuseme umeandika dakika ambazo wagonjwa watano walisubiri katika kila moja ya zahanati tatu:

A: 12, 15, 18, 21, 25
B: 22, 28, 30, 35, 240
C: 30, 40, 45, 50, 60

Kwa wastani, B ndiyo inayochelewesha watu zaidi: dakika 71, dhidi ya 45 za C. Lakini wastani huo umebebwa na mgonjwa mmoja. Mbinu iliyozoeleka ya anova nayo hutegemea wastani, na hudai mtawanyiko wa makundi uwe karibu sawa. Hapa inatoa F ya 1.15, chini kabisa ya kizingiti cha 3.89. Maana yake haioni tofauti yoyote, ingawa hakuna mgonjwa wa A aliyesubiri muda mrefu kama yeyote wa C!

Mwaka 1952 William Kruskal na Allen Wallis walipendekeza njia nyingine: acha dakika, tumia nafasi. Changanya namba zote 15, zipange kuanzia ndogo, kisha zipe nafasi kama wanafunzi kwenye matokeo ya mtihani. Dakika 12 inapata 1, na 240 inapata 15; hata ingekuwa 2,400 ingebaki 15. Namba 30 imetokea mara mbili, ikikalia nafasi ya 8 na ya 9, kwa hiyo kila moja inapewa 8.5.

Rudisha nafasi kwenye makundi yake na uzijumlishe: A ni 16, B ni 45.5, C ni 58.5. Jumla lazima iwe 15 × 16 ÷ 2, yaani 120. Isipofika hapo, tafuta kosa kabla ya kuendelea. Mara nyingi limejificha kwenye namba zilizolingana. Sasa kokotoa:

H = 12/(N(N+1)) × Σ(R²/n) − 3(N+1)

N ni idadi ya namba zote, R ni jumla ya nafasi za kundi, na n ni idadi ya namba katika kundi hilo. Tunapata 0.05 × 1149.7 − 48 = 9.485. Kwa makundi matatu ya watu watano, jedwali linataka angalau 5.78 kwa kiwango cha asilimia 5. Tofauti ipo.

Ipo wapi? H haisemi. Kipimo cha Dunn hulinganisha wastani wa nafasi, kundi kwa kundi: A 3.2, B 9.1, C 11.7. Kikirekebishwa kwa sababu tunalinganisha mara tatu, kinadai pengo la takriban 6.8. A na C wanalipita kwa 8.5; A na B, wenye 5.9, hawalifikii.

Angalizo moja: wagonjwa wawe tofauti katika kila zahanati. Ukiwapima watu walewale mara tatu, usitumie njia hii. Tumia kipimo cha Friedman.