Mtahini Hutazama Macho Kabla ya Magurudumu

Ndugu msomaji, ukiwa mkazi wa Njoro mjini Moshi na unajiandaa kwa mtihani wa udereva wa barabarani, yakupasa kujua jambo moja mapema. Mitaa unayojifunzia haina vilima vya kutisha, lakini ukielekea Kibosho au Marangu barabara hupanda mlima. Mwanafunzi aliyezoea tambarare peke yake huweza kuendesha vizuri kwa majuma mengi, kisha akaumbuka siku anapoamriwa kusimama katikati ya mwinuko na kuondoka tena.

Katika zoezi hilo mtahini hapimi nguvu za gari. Anataka kuona iwapo dereva ndiye anayelitawala gari, au ni gari linalomtawala dereva.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeambiwa asimame kandokando ya barabara, upande wa kushoto, gari likitazama mlimani. Amevuta breki ya mkono, na gari limetulia. Anapoambiwa aondoke, haraka inamshika: anaishusha breki ya mkono kwanza, ndipo anapoanza kutafuta klachi na mafuta. Katika nukta hiyo hakuna kinacholizuia gari, nalo linarudi nyuma. Kwa hofu anaiachia klachi ghafla, na injini inazimika. Lau kungekuwa na mama mwenye kikapu akivuka nyuma yake, mambo yangekuwaje? Hilo ndilo swali alilo nalo mtahini moyoni, na ndiyo sababu gari kurudi nyuma huhesabiwa kuwa kosa zito.

Utaratibu ulio sahihi ni huu. Breki ya mkono ikiwa bado imevutwa, kanyaga klachi na utie gia ya kwanza. Tazama kioo cha ndani na vioo vya pembeni, washa indiketa ya kulia, kisha geuza kichwa utazame nyuma juu ya bega la kulia, kwa maana ipo sehemu ambayo kioo hakiionyeshi. Pikipiki nzima huweza kujificha humo. Ongeza mafuta kidogo, halafu inua klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini umekuwa mzito na uone pua ya gari inanyanyuka kidogo. Hapo klachi imeshika. Usiinue mguu zaidi. Ishushe breki ya mkono taratibu, nalo gari litaondoka bila kurudi nyuma hata hatua moja. Usikae hapo kwa muda mrefu, kwani harufu ya kuungua itakujulisha kwamba unaila klachi.

Injini ikizimika, usitaharuki. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, rudisha gia katika nyutro, washa tena, na uanze utaratibu wote upya, pamoja na kutazama nyuma. Watahiniwa wengi hukumbuka kuwasha injini lakini husahau kutazama tena, ilhali barabara iliyokuwa tupu mara ya kwanza huenda sasa ina gari linalokuja.

Baada ya kupanda kuna kuteremka. Wapo wanaotia nyutro mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa kufanya hivyo wanaipoteza nguvu ya injini inayolizuia gari, na mzigo wote unaziangukia breki. Breki zikipata moto mwingi hupungua nguvu. Tia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uiachie injini ikusaidie, na ukanyage breki kwa kiasi.

Ukirudi mjini utakutana na kipilefti cha Mnara wa Saa. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, magari yaliyomo katika mzunguko hukujia kutoka kulia, nayo ndiyo yenye haki ya kupita kwanza. Hapa watahiniwa huanguka kwa namna mbili. Mmoja huingia bila kungoja. Mwingine husimama hata wakati njia ni nyeupe, akawazuia walio nyuma yake. Wote wawili wana ugonjwa mmoja: hawakutazama mapema. Punguza mwendo kabla ya kufika, tia gia ndogo, tazama kulia; pakiwa pameziba simama, pakiwa wazi ingia.

Basi, unapojifunza, mwombe mwalimu wako akupeleke kwenye mwinuko mara kwa mara. Jizoeze kusimama na kuondoka mpaka uweze kufanya hivyo mara kumi mfululizo bila gari kurudi nyuma, kila mara ukianza kwa kutazama. Usitazame kwa kupepesa macho tu ili mtahini aone kichwa kimegeuka. Yeye huangalia ulichokifanya baada ya kutazama: iwapo uliiona baiskeli ile, je, uliisubiri ipite?