Tanga lilionekana, jina likazama

Rafiki yangu mmoja anauza samaki wakavu Bagamoyo, na nembo yake ni nzuri: tanga la jahazi la rangi ya machungwa, na chini yake jina la biashara kwa herufi za buluu nzito. Kwenye karatasi za risiti jina linasomeka hata ukiwa mbali. Siku moja alimtumia mteja nembo hiyo kwa simu, kama faili la PNG lisilo na rangi yoyote nyuma yake. Simu ya mteja ilikuwa kwenye hali ya giza. Jibu lilirudi baada ya dakika chache: “Tanga nimeliona, kaka. Sasa hili ni la nani?”

Herufi za buluu zilikuwapo, ila zilikuwa zimezama ndani ya weusi.

Tulipokaa kutazama nembo ile kwenye kompyuta, tuliiweka mara mbili, kushoto juu ya nyeupe na kulia juu ya nyeusi. Macho peke yake hayatoshi kuamua kazi hii, kwa sababu jicho huzoea haraka, na mwenye nembo tayari analijua jina lake, kwa hiyo atalisoma hata lisiposomeka. Ipo hesabu inayosaidia. Imo katika mwongozo wa WCAG, unaotolewa na W3C, jumuiya inayoweka kanuni za tovuti duniani. Kila rangi hupewa kipimo cha mwangaza, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 1 kwa nyeupe. Unaongeza 0.05 kwenye kila kipimo, kisha unagawanya kikubwa kwa kidogo. Nyeupe juu ya nyeusi hutoa 21, na hapo ndipo kilele. Rangi juu ya rangi ile ile hutoa 1, yaani huoni kitu.

Siri ya buluu iko katika namna mwangaza huo unavyokokotolewa. Macho yetu hayaipi kila rangi uzito sawa. Katika hesabu hii kijani hubeba takribani asilimia 72 ya mwangaza, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Ndiyo maana buluu iliyokolea, hata ikiwa safi namna gani, haitoi nuru ya kutosha kujitenga na weusi. Machungwa ina nyekundu tele na kijani cha kutosha, kwa hiyo hung’aa.

Nembo ya rafiki yangu ilitumia machungwa yenye msimbo #FF9900 na buluu yenye msimbo #003366. Juu ya nyeupe, buluu ilipata 12.6, na tanga likapata 2.1. Juu ya nyeusi mambo yaligeuka: tanga 9.8, herufi 1.7. Mwongozo unataka angalau 3 kwa michoro na maandishi makubwa, na 4.5 kwa maandishi ya kawaida. (Cha kuchekesha, maandishi yaliyo ndani ya nembo yamesamehewa sharti hilo. Lakini mteja wa samaki hajui habari za msamaha.)

Hapa watu wengi hukosea. Huchukua wastani, au hutazama sehemu inayong’aa zaidi na kusema nembo imepita. Toleo lipimwe kwa sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote, maana hiyo ndiyo itakayopotea kwanza. Kwa kipimo hicho nembo ya awali ilikuwa imefeli pande zote mbili, hata kwenye karatasi nyeupe ambako kwa miaka yote tuliamini iko salama. Tanga la 2.1 halikuwa limefifia machoni petu kwa sababu tu lilikuwa kubwa. Tulipoipunguza nembo ikawa ndogo kama alama ya programu kwenye simu, kisha tukaondoa rangi zote zikabaki za kijivu, tanga likawa kivuli hafifu.

Rafiki yangu alipendekeza njia ya mkato: tugeuze rangi zote kinyume. Tukageuza. Tanga likawa la buluu na herufi zikawa za rangi ya pichi. Namba zilikubali, lakini hiyo haikuwa nembo yake tena. Kisha tukajaribu kuzizungushia herufi za buluu ukingo mweupe. Mbinu hii ni ya zamani na ni nzuri: itazame bendera ya Kenya, jinsi mistari myeupe inavyotenganisha nyeusi na nyekundu, na nyekundu na kijani, au ya Tanzania, ambamo ukanda mweusi umewekewa kingo za njano. Bendera ni pana, lakini. Kwenye nembo ya ukubwa wa ukucha, ukingo ule ulikuwa mwembamba kuliko pikseli moja, ukabaki kama vumbi kuzunguka herufi.

Kuna jambo moja katika hesabu hii linalorahisisha uamuzi. Ukizidisha alama ya rangi yoyote juu ya nyeupe kwa alama yake juu ya nyeusi, jibu ni 21 daima. Kinachopatikana upande mmoja hutolewa upande wa pili. Rangi inayotaka kusimama sawa kwenye pande zote mbili haiwezi kuvuka 4.6 hivi, na hapo utaiona imetulia katikati, haing’ai wala haikolei. Kwa hiyo anayetafuta rangi moja ya kung’aa kote kote anatafuta kisichokuwapo.

Tukakubaliana kuwa na matoleo mawili. La nyeupe likabaki na buluu yake, ila machungwa ya tanga tukaikoza hadi #CC6600, ikapanda kutoka 2.1 hadi 3.8. Mwenyewe alinung’unika kwamba tanga limekuwa kama lina kutu, na hakukosea. La nyeusi likabaki na machungwa yake ya asili, herufi tukazifanya nyeupe. Humo sehemu dhaifu ilikuwa tanga lenye 9.8. Herufi nyeupe tulizipunguza unene kidogo, kwa kuwa nuru juu ya giza huonekana kama inavimba, na tundu la herufi “a” lilikuwa limeanza kuziba.

Kwa namba, basi, toleo la giza lilishinda kwa mbali: 9.8 dhidi ya 3.8. Ningeishia hapo kama rafiki yangu angeuza samaki usiku.

Ile 0.05 inayoongezwa kwenye hesabu inawakilisha nuru kidogo ya chumbani inayorudi kutoka kwenye kioo cha skrini. Pwani, saa saba mchana, nuru hiyo si kidogo. Tuseme imefika 0.3. Rudia hesabu: tanga juu ya nyeusi linaanguka kutoka 9.8 hadi 2.5, na tanga lililokolezwa juu ya nyeupe linashuka kutoka 3.8 hadi hiyo hiyo 2.5. Pengo lote limeyeyuka, kwa sababu jua huutia weusi weupe, ilhali nyeupe haina cha kupoteza kiasi hicho. Tulitoka nje na simu mbili tukahakikisha. Kwenye ile yenye toleo la giza tuliona pia nyuso zetu wenyewe juu ya kioo, na jua, na mnazi wa jirani.

Toleo jeusi sasa ndilo analotumia kwenye picha za mtandaoni anazotuma jioni. Kibao cha pale sokoni kimechorwa juu ya nyeupe, na tanga lake lenye kutu.